Gari Litoke, na Mzamiaji Naye Atoke

“Kaka, habari za kazi. Picha nimezipokea, ni nzuri mno, Mungu akubariki. Nina ombi. Ile tuliyopiga wawili bustanini ina gari jeupe nyuma yetu, naomba uliondoe. Na ile ya familia, yule kijana wa shati la bluu pembeni ya shangazi hatumjui sisi wala upande wa mume wangu. Naye umtoe.”

Mpigapicha wa harusi huizoea barua ya namna hii, na bibi harusi ana haki ya kuiandika: picha hiyo itakaa ukutani miaka mingi. Ila ameomba kazi mbili zisizofanana hata kidogo, na inayoonekana kubwa ndiyo nyepesi.

Nyuma ya gari lililopigwa picha hakuna kitu kilichofichwa kwenye faili. Kamera ilipokea mwanga uliotoka kwenye bati la gari, basi. Ukuta na nyasi zilizokuwa nyuma yake hazikurekodiwa popote. Kwa hiyo kufuta ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujaza tundu, na cha kujazia lazima kitoke mahali.

Tuseme picha ina pikseli 6,000 kwa 4,000, na gari limechukua eneo la 900 kwa 400. Hizo ni pikseli 360,000, sawa na asilimia 1.5 ya picha nzima. Kushoto na kulia kwake kuna ukuta uleule na nyasi zilezile, basi programu huazima humohumo, kama fundi anayetia kiraka kwenye kitenge kwa kukata kipande ambacho maua yake yataungana na ya pembeni. Mwaka 2003 Antonio Criminisi na wenzake wa Microsoft walionyesha kwamba mpangilio wa kujaza ndio unaoamua matokeo: mistari ianze, yaani ukingo wa ukuta uvushwe kwanza hadi ng’ambo ya tundu, ndipo nyasi zifuate. Ukianza na nyasi, ukuta unakatika au unapinda.

Shida ilikuwa muda, kwa sababu kukitafutia kila kipande mwenzake ndani ya picha kubwa ni kazi ndefu. Mwaka 2009 Connelly Barnes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton na kampuni ya Adobe walitoa mbinu ya PatchMatch. Kila kipande kinaanza kwa kubahatisha mwenzake. Kwa kuwa vipande ni vingi mno, vichache hupatia, na kilichopatia humwelekeza jirani yake: nyasi zangu zimetoka pale, zako zitakuwa kando yake. Baada ya mizunguko michache tu tundu zima limepata cha kujazia. Mwaka uliofuata uwezo huo uliingia kwenye Photoshop.

Kosa la mbinu hii linajulikana. Kuza picha utafute doa lilelile la ukuta likiwa limejitokeza mara mbili. Kisha tazama chini: kivuli cha gari mara nyingi husahaulika, kikabaki kimelala kwenye nyasi bila mwenyewe.

Sasa mzamiaji. Bega lake limeziba mkono wa shangazi, na shangazi hana pacha humo pichani wa kuazimwa. Programu ikiachwa ifanye itakavyo, itaweka jani mahali pa bega, au kipande cha kitenge cha mtu mwingine. Hata ikitoa mkono unaopendeza macho, hautakuwa mkono wa shangazi. Mimi hapo ndipo ninapoweka mpaka: ukuta unaweza kubuniwa, ndugu hapana.

Dawa ni picha nyingine ya dakika ileile. Mpigapicha mzoefu hupiga kundi la familia mara kadhaa mfululizo, kwa sababu lazima atakuwepo aliyefumba macho, na pengine katika ya kwanza kijana wa shati la bluu alikuwa hajajisogeza. Picha hizo mbili hulinganishwa kwa pembe za ukuta, kwa kuwa kamera ya mkononi haitulii, na mwanga wake husawazishwa kama wingu limepita. Lakini ukuta ukishakaa sawa, shangazi huenda hajakaa: amegeuza shingo kidogo. Ukichukua nusu yake tu, shingo itapishana. Kwa hiyo huchukuliwa mzima, kichwa hadi miguu pamoja na kivuli chake, na mkato hupitishwa kwenye uwazi kati yake na jirani, kamwe si juu ya uso.

Ndiyo maana jibu zuri kwa bibi harusi huanza na swali: ni picha zipi hasa, na je, shangazi yumo mzima kwenye nyingine yoyote? Kama hayumo, na kijana amesimama mwisho wa mstari, kilichobaki ni kupunguza ukingo wa picha hadi bega lake liishie nje, kwa gharama ya kipande cha mkono wa shangazi. Uamuzi huo ni wa bibi harusi. Na mpigapicha asizifute zile picha za macho yaliyofumbwa kabla familia haijamaliza kuchagua.