Pango Linalochimbwa kwa Kuhesabu Majirani

Mchezaji anaingia pangoni kwenye mchezo wa simu. Anakuta kuta zilizopinda, kumbi pana, vichochoro vinavyobana kisha vinafunguka. Akifa na kuanza upya, pango ni jingine kabisa, na hakuna mchoraji aliyekaa kulichora. Michezo ya kompyuta ilikuwa ikijitungia ramani tangu zama za Rogue, mwaka 1980, ila Rogue ilipanga vyumba vya pembe nne na kuviunganisha kwa korido. Ili kupata ukuta unaofanana na mwamba, watunzi waliazima wazo la zamani zaidi, otomata za seli, lililoasisiwa na Stanislaw Ulam na John von Neumann huko Los Alamos, Marekani, katika miaka ya 1940.

Seli ni kisanduku tu, kama vile vya daftari la hesabu. Kila kisanduku kina hali moja, ama ukuta ama sakafu, na hubadilika kwa kuwatazama majirani zake peke yao. Hakijui ramani nzima inafananaje. Pango la kweli huchongwa na maji yanayokula mawe ya chokaa kwa maelfu ya miaka. Hili letu halijui maji wala chokaa. Linajua kuhesabu hadi tisa, basi.

Kazi huanza kwa bahati nasibu. Ukingo wote wa ramani huwekwa kuwa ukuta, kisha kila kisanduku cha ndani hupigiwa kura: katika 100, takriban 45 huwa ukuta na wengine sakafu. Ramani ya hatua hii inaonekana kama kokoto zilizomwagwa. Baada ya hapo huja kulainisha. Tazama kila kisanduku pamoja na wanane wanaokizunguka, jumla tisa, uhesabu kuta. Zikifika tano, kisanduku hicho kiwe ukuta. Zikiwa nne au pungufu, kiwe sakafu. Ni kufuata wengi, na hakuna kanuni nyingine.

Tuifanye kwa mkono. Alama ya # ni ukuta na nukta ni sakafu. Nimetumia kuta chache kuliko kawaida, 21 kati ya visanduku 55 vya ndani, kwa sababu kwenye ramani ndogo kama hii ukingo uko karibu na kila mtu na unaongeza kuta za kutosha.

```
#############
##..#...#..##
#..#..#.##..#
#.....###...#
#.#.......#.#
##.##.####.##
#############
```

Anza na jiwe lililosimama peke yake kwenye mstari wa tatu, safu ya nne. Katika visanduku vyake tisa kuna kuta mbili tu, lenyewe na moja lililo juu yake kuliani. Mbili ni chini ya tano, kwa hiyo jiwe linaondoka. Sasa shuka mstari wa tano, safu ya nane. Hapo ni sakafu, katikati ya kichochoro kinachotoka upande wa kushoto kwenda kulia. Juu yake kuna kuta tatu, chini yake tatu. Jumla sita: panakuwa ukuta. Ukimaliza visanduku vyote, unapata hii:

```
#############
######.######
#......##...#
#......#....#
##.....##..##
#############
#############
```

Kokoto zote zimetoweka, na pembe mbili za chini zimekatwa. Mduara mmoja tu umefanya haya. Kwa ramani kubwa watunzi hurudia mara nne au tano. Wakizidisha, vile vipembe vinavyoupa mwamba sura yake navyo husuguliwa, na kumbi zinabaki laini kupita kiasi.

Kuna kosa moja ambalo wanaoanza hulifanya sana: kuandika jibu juu ya ramani ileile wanayoisoma. Kisanduku cha kwanza kikishabadilika, cha pili kinamhesabu jirani mpya badala ya wa zamani, na kosa linasafiri hadi mwisho wa ukurasa. Programu haitakwama wala kulalamika, ndiyo maana kosa hili hudumu. Utalijua kwa kutengeneza mapango mengi na kuyapanga pamoja: maumbo yatakuwa yanaelemea upande mmoja, ule ule unaoelekea unaposoma. Dawa yake ni kuwa na ramani mbili, ya kusoma na ya kuandika, halafu kuzibadilishana kila mduara ukiisha.

Sasa rudi kwenye mchoro wa pili, maana hapa ndipo shida kubwa ilipo. Mwanzoni mtu angeweza kutembea kutoka ukumbi wa kushoto hadi wa kulia kwa kile kichochoro cha mstari wa tano. Kulainisha kumekifunga. Kichochoro chochote chenye upana wa kisanduku kimoja, kikiwa na mwamba mtupu juu na chini, kina kuta sita kati ya tisa, na kwa kanuni hii hakiwezi kuishi. Kwa hiyo kanuni ileile inayotupa kuta nzuri ndiyo inayozalisha mifuko isiyofikika. Ukiweka mchezaji kushoto na ufunguo kulia, umemfungia.

Ili kuigundua mifuko, tunamwaga maji. Chagua kisanduku kimoja cha sakafu, kipe namba 1, kisha wape namba hiyo majirani zake wa sakafu, na majirani wa hao, mpaka maji yakose pa kwenda. Kama kuna sakafu isiyo na namba, anza tena hapo na namba 2. Kwenye mchoro wetu maji ya kwanza yanafika visanduku 18, ya pili 9.

Lazima maji yatembee kama mchezaji anavyotembea. Mchezo ukiruhusu hatua nne tu, juu, chini, kushoto na kulia, nayo maji yapite njia hizo nne. Ukiyaachia yapenye kwenye pembe, yatatangaza kumbi mbili kuwa moja pale zinapogusana kwa ncha, na mchezaji atasimama mbele ya upenyo asioweza kuupita.

Njia ya kawaida ni kubakiza ukumbi mkubwa na kuijaza mifuko mingine mwamba. Kwa kishimo cha visanduku vitatu au vinne sina ubishi, jaza. Lakini hapa tungetupa 9 kati ya 27, theluthi nzima ya pango, na kwangu huo ni uharibifu. Afadhali kuchimba. Kati ya kumbi zetu kuna ukuta mmoja tu, mstari wa nne, safu ya nane. Ukiutoboa unapata ukumbi mmoja wa visanduku 28. Lawrence Johnson, Georgios Yannakakis na Julian Togelius, walipoeleza mwaka 2010 namna ya kutengeneza mapango yasiyo na mwisho wakati mchezo ukiendelea, nao walitoboa njia pale ambapo eneo moja la ramani halikuungana na la jirani. Na ikiwa ukumbi mkubwa wenyewe ni kijisehemu kidogo cha ramani, usihangaike kuutibu: futa yote, upige kura upya. Kompyuta hufanya hivyo kufumba na kufumbua.

Shika mpangilio huu: kulainisha kwanza, maji baadaye, kutoboa mwisho. Ukilainisha tena baada ya kutoboa, njia ndefu nyembamba uliyoichimba itafungwa kama kile kichochoro cha kwanza. Mchezaji, maadui na hazina uwaweke baada ya hapo, kila mmoja kwenye kisanduku ambacho maji yamefika.