Kabla ya Kulipia Helmeti Uliyoiona Kwenye Picha

Helmeti nyingi zilizotumika siku hizi huuzwa kwa simu. Muuzaji anaweka picha tatu kwenye kundi la WhatsApp, ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma, anaandika bei, na dereva wa bodaboda aliye mkoa mwingine anatuma pesa na kusubiri basi limletee mzigo. Kwa kawaida picha hizo zinaonyesha rangi, kioo na stika. Sehemu zinazookoa kichwa hazimo kabisa, kwa sababu ziko ndani ya helmeti na kwenye mkanda wa kidevu.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni helmeti nyeusi inayofunika uso mzima, inang'aa, na nyuma ina stika yenye herufi DOT. Muuzaji ameandika: "Haijawahi kuanguka, bosi. Kiwango cha Marekani." Mnunuzi anataka kujua mambo matatu: alama hiyo ni ya kweli? Ganda ni zima? Je, hata kama ganda ni zima, kilichomo ndani bado kinafanya kazi?

Tuanze na stika. DOT ni kifupi cha jina la Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, na kiwango chenyewe kinaitwa FMVSS No. 218. Chini ya utaratibu huo serikali haipimi helmeti kabla haijaingia sokoni. Mtengenezaji ndiye anayejitangazia kwamba bidhaa yake imefikia kiwango, kisha serikali hununua baadhi madukani na kuzipima. Ndiyo maana stika ya DOT ni rahisi sana kughushi, na vibanda vya vipuri huziuza zikiwa peke yake kama mapambo. Kwa helmeti zilizotengenezwa baada ya Mei 2013, sheria inataka stika iwe na jina la mtengenezaji au chapa, aina ya helmeti, neno DOT, chini yake FMVSS No. 218, na neno CERTIFIED. Stika ya muuzaji wetu ina herufi tatu tu. Kwa hiyo ama helmeti ni ya kabla ya 2013, na imeshazeeka mno, ama mtu ameibandika mwenyewe. Vyovyote iwavyo, stika hiyo haimsaidii muuzaji.

Mnunuzi mwerevu hagombani. Anaandika: "Kaka, naomba picha ya lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, karibu kabisa, maandishi yasomeke. Tafadhali itume kama faili, siyo kama picha ya kawaida." Ombi hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. WhatsApp hupunguza ubora wa picha ili itumwe haraka, na kinachopotea kwanza ni maandishi madogo na nyufa nyembamba, yaani vitu vilevile tunavyovitafuta.

Lebo inakuja. Ina duara lenye herufi E na namba pembeni yake, na chini kuna mfululizo wa tarakimu. Hii ni alama ya kiwango cha Umoja wa Mataifa namba 22, kinachotumika Ulaya na nchi nyingine nyingi. Namba iliyo karibu na E ni ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 9 ni Uhispania. Haionyeshi nchi iliyotengeneza helmeti, kwa hiyo E3 kwenye helmeti iliyotoka China si uongo. Mfululizo wa chini ndio wenye habari zaidi. Tarakimu mbili za kwanza zinataja toleo la kiwango, 05 kwa lile la zamani na 06 kwa jipya. Baada ya mstari wa mkwaju kuna herufi: P ina maana kwamba sehemu ya kidevu imepimwa na inalinda, NP kwamba ipo ila hailindi, J kwamba helmeti haina sehemu hiyo kabisa. Kisha inafuata namba ya uzalishaji.

Kwenye lebo ya mfano wetu, baada ya mkwaju kuna J peke yake. Helmeti kwenye picha inafunika uso mzima. Helmeti ya aina hiyo ingepaswa kuwa na P, au angalau NP. Lebo hii imetoka kwenye helmeti nyingine iliyo wazi usoni, au imechapwa na mtu asiyejua maana ya herufi. Hapo mnunuzi angeweza kufunga mazungumzo, na mimi ningemshauri afanye hivyo. Lakini tuendelee, kwa kuwa helmeti yenye lebo safi kabisa inaweza pia kuwa imekufa.

Nitaje kwa ufupi alama za kwetu na za jirani wanaotuuzia. Kenya, bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS huwa na namba ya kibali, na mnunuzi anaweza kuihakiki kwa kutuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023. Tanzania tafuta alama ya TBS. Helmeti za India huwa na alama ya ISI ikiwa na IS 4151 juu yake na namba ya leseni inayoanza na CM/L chini yake. Alama ya ISI isiyo na namba ya leseni ihesabu kuwa haipo.

Sasa ganda. Picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera ukitazama moja kwa moja hufuta kila kasoro. Muuzaji aombwe azime mwanga huo, aingize helmeti kivulini, kisha mtu mwingine amulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ukipita karibu sawasawa na uso wa ganda. Mwanga wa namna hiyo huupa kila mkwaruzo kivuli chake. Mikwaruzo mifupi inayokwenda kila upande, hasa sehemu ya chini, kwa kawaida ni ya kuwekwa sakafuni na kuning'inizwa kwenye pikipiki. Eneo lililosagika likawa bapa, lenye mistari mingi sambamba inayoelekea upande mmoja, limeburuzwa kwenye lami. Helmeti iliyoburuzwa hivyo kwa kawaida iligonga kwanza.

Aina ya ganda hubadilisha kinachoonekana. Plastiki ikikunjwa kwa nguvu huacha doa jeupe pale ilipojikunja, hata kama haikupasuka. Kwenye helmeti nyeusi doa hilo huonekana vizuri karibu na ukingo, kwenye matundu ya hewa na pale kioo kinapofungwa. Faiba haiachi doa. Hutoa nyufa nyembamba zinazosambaa kama utando wa buibui kutoka sehemu moja. Huenda nyufa hizo ni za rangi tu, lakini kwa picha huwezi kutofautisha, hivyo zihesabu kuwa za ganda.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa kunyoosha bodi za magari wanalifahamu. Kwenye ganda linalong'aa, tazama taswira ya ukingo wa paa au mlango inavyoakisiwa. Mstari huo unapaswa kupinda taratibu kufuata umbo la helmeti. Ukikatika au kujikunja ghafla mahali pamoja, ganda limebonyea, au limepakwa bodifila na kupigwa rangi upya. Rangi mpya kwenye helmeti ya zamani ni sababu ya kushuku. Mbali na kuficha kovu, thina iliyomo kwenye baadhi ya rangi hudhoofisha plastiki. Petroli ni mbaya zaidi, kwani huyeyusha lile povu la ndani. Helmeti iliyofutwa kwa kitambaa chenye petroli ili ing'ae kwa ajili ya picha imeharibiwa na usafi huo.

Povu hilo ndilo kiini cha helmeti. Ni polistirini nyeupe au nyeusi, ileile inayofungashia televisheni, ila imebanwa zaidi. Kichwa kinapogonga, ganda hutawanya nguvu na povu husagika taratibu, na kule kusagika ndiko kunakomaliza kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Likishasagika halirudi. Ganda la plastiki linaweza kujinyoosha likaonekana jipya, huku povu lililo chini yake limebaki jembamba. Pigo la pili mahali pale hukuta kazi imeshatumika.

Kwa hiyo picha yenye thamani kuliko zote ni ya ndani, sponji zikiwa zimetolewa. Kwenye helmeti yetu muuzaji anasita, kisha anaituma. Upande wa kushoto, juu ya sikio, povu lina mpasuko unaofika ukingoni, na kando yake pana sehemu laini inayong'aa ambapo chembe za povu zimelala. Upande wa kulia limechongwa kwa kisu, shimo la kiasi cha kiganja. Madereva wengi hufanya hivyo ili kuchomeka simu au spika. Ni mazoea ya hatari: povu la helmeti nzuri lina unene wa takriban sentimita 2.5, na kila milimita inayochongwa ni umbali ambao kichwa kingeutumia kusimama.

Vilevile angalia mkanda: nyuzi zilizochanika, rangi iliyopauka kwa jua, ribiti iliyolegea au kutu iliyotapakaa kuizunguka, na klipu iliyovunjika mkanda ukafungwa fundo. Helmeti isiyofungika hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Mwisho, tafuta tarehe. Kwenye magunda ya plastiki mara nyingi kuna duara dogo lililochapwa ndani, lenye mwaka katikati na mshale unaoelekeza mwezi. Shirika la Snell la Marekani linashauri helmeti ibadilishwe baada ya miaka 5 ya matumizi, kwa sababu gundi, jasho, mafuta ya nywele na jua hufanya kazi yao hata bila ajali. Kwa bodaboda inayovaliwa na abiria tofauti kutwa nzima, mimi ningeihesabu miaka hiyo kwa ukali.

Hata hivyo picha ina mipaka yake. Haionyeshi povu lililobonyea upande unaogusana na ganda. Haionyeshi kama helmeti itakukaa, na helmeti pana kuliko kichwa hulinda kidogo. Picha inaweza kukupa sababu ya kuikataa helmeti, lakini haiwezi kukupa sababu ya kutosha kuiamini. Ikipita maswali yote, ishike mkononi kabla ya kulipa: bonyeza ganda kwa vidole gumba pande zote usikilize mlio wa kukatika, ivae, funga mkanda, kisha mtu aivute kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, iache.

Helmeti ya mfano wetu haifai kwa bei yoyote: stika haijakamilika, lebo si yake, povu limepasuka na limechongwa. Na wewe mwenye helmeti ya namna hiyo nyumbani, usiiuze wala usimgawie jirani. Kata mkanda wake kwa kisu ndipo uitupe, ili asije mtu akaiokota, akaipaka rangi na kuipiga picha.