Anza na Shavu, Jicho Baadaye

Ukifika Feri, Dar es Salaam, jua likishapanda, unaweza kukuta changu waliovuliwa usiku wamelazwa meza moja na changu wa juzi. Wote wamemwagiwa maji, wote wanang'aa. Muuzaji atakuonyesha jicho. Wewe anza na shavu.

Ingiza kidole chini ya shavu, ulinyanyue mpaka uone matamvua. Ya samaki mbichi ni mekundu ya damu, vijinyuzi vyake vimeachana, ute wake ni mwepesi kama maji, na harufu yake ni ya bahari. Wekundu huo ni wa damu, kwa kuwa humo ndimo samaki anamopumulia. Akishakufa, hewa inaigeuza damu ile kuwa kahawia, kama doa la damu lililokaukia kwenye nguo. Kisha bakteria huzaliana, ute huwa mzito wa kijivu, vijinyuzi hushikamana na harufu huwa chachu.

Jicho la samaki mbichi limejaa na kutokeza kidogo, mboni ni nyeusi tii, na juu yake ni angavu kama kioo. Siku zikipita hubonyea, mboni ikaingia ukungu. Rangi ya duara linalozunguka mboni isikusumbue, maana wako samaki wenye macho mekundu tangu baharini.

Sasa chukua changu wawili. Wa kwanza jicho bado angavu, lakini matamvua ni ya kahawia na yananata. Wa pili jicho moja lina ukungu mweupe, ila matamvua ni ya waridi, safi, hayana harufu mbaya. Mimi namchukua wa pili. Jicho lililogusana na barafu huweza kuingia ukungu mapema, na maji ya barafu huyafifisha matamvua bila nyama kuharibika. Mgeuze utazame jicho la upande wa pili; mara nyingi utalikuta zuri. Yule wa kwanza mwache, hata akipunguzwa bei.

Wapo wanaopaka damu kwenye matamvua. Futa kwa karatasi laini au kitambaa chenye maji. Damu ya kupaka hutoka yote, chini ukaona kijivu. Wekundu wa asili hubaki. Na ukikuta matamvua yamekatwa, usikisie: bonyeza nyama, uone kama shimo la kidole linajaa upesi, kisha nusa ndani ya tumbo.

Vibua na jodari wanahitaji swali moja zaidi: walilala kwenye barafu? Wakikaa juani, nyama yao hutengeneza histamini, nayo huweza kujaa kabla jicho wala matamvua hayajabadilika sana. Anayeila hupata wekundu wa uso, muwasho na kichwa kuuma, na moto wa jikoni hauiondoi, umchemshe au umkaange.