Mkopo bila riba au punguzo la bei? Piga hesabu kwanza

Maduka mengi ya pikipiki huwapa wateja njia mbili za kununua. Anayelipa pesa taslimu hupunguziwa bei. Asiye na pesa zote hulipa kidogo kidogo kila mwezi, na huambiwa kuwa riba ni sufuri. Wengi husikia neno "sufuri" na kudhani kuwa njia ya pili haina gharama. Gharama ipo, ila haiitwi riba: ni lile punguzo ambalo mnunuzi amelikosa.

Chukua mfano wa mhudumu wa bodaboda anayetaka pikipiki ambayo bei yake dukani ni shilingi 180,000. Akilipa taslimu, anapunguziwa shilingi 15,000, hivyo anatoa 165,000. Akichagua mkopo bila riba, analipa 30,000 mwanzoni, ada ya kushughulikia mkopo ya 5,000, kisha 12,500 kila mwezi kwa miezi 12.

Awamu hizo 12 zinafika 150,000. Ukiongeza malipo ya kwanza na ada, jumla ni shilingi 185,000. Tofauti ya njia hizi mbili ni shilingi 20,000.

Je, 20,000 ni nyingi au ni kidogo?

Siku ya kwanza mhudumu huyu anatoa mfukoni shilingi 35,000. Ili afikie bei ya taslimu ya 165,000, anapungukiwa na 130,000. Hicho ndicho kiasi anachokopeshwa hasa, si 150,000. Anachukua 130,000 na kurudisha 150,000 katika mwaka mmoja. Kwa kuwa deni linapungua kila mwezi, gharama hiyo ni sawa na riba ya zaidi kidogo ya asilimia 2 kwa mwezi, au takriban asilimia 27 kwa mwaka.

Sasa tuseme ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki. Akikopa 130,000 huko na kulipa kwa miezi 12, riba yote itakuwa takriban shilingi 8,450. Analipa duka taslimu na kupata punguzo. Mwishowe pikipiki itamgharimu shilingi 173,450, yaani 11,550 chini ya mkopo "bila riba". Chama kikitoza ada au bima ya mkopo, nayo iongezwe kabla ya kulinganisha.

Na aliye na pesa zote, je, afadhali aziweke benki na kulipa duka polepole? Akiiweka ile 130,000 kwenye akaunti inayolipa asilimia 10 kwa mwaka, huku akitoa awamu kila mwezi, atapata faida ya takriban 6,200 tu. Haifikii 20,000 anazopoteza. Hata hivyo, asitumie shilingi ya mwisho aliyo nayo, kwani pikipiki inahitaji bima, mafuta na matengenezo tangu siku ya kwanza.

Mkopo bila riba unapokuwa nafuu

Si kila mara punguzo hushinda. Tuseme duka hilo linapunguza 5,000 pekee kwa taslimu, na mkopo wake hauna ada yoyote. Hapo mkopo wa duka unagharimu 5,000, ilhali kukopa kwenye chama 145,000 zinazopungua kutagharimu riba ya takriban 9,400. Mkopo wa duka ndio nafuu. Punguzo linapokuwa dogo na ada zinapokosekana, sufuri hukaribia kuwa sufuri ya kweli.

Kabla ya kutia sahihi

Mnunuzi aulize kwanza bei ya mwisho ya taslimu, kabla ya kutaja kwamba anataka mkopo. Bei hiyo iandikwe. Sheria ya ununuzi kwa awamu, Sura ya 507, inamtaka muuzaji amjulishe mnunuzi bei ya taslimu kwa maandishi kabla ya mkataba.

Pili, aulize kila ada: ya kushughulikia mkopo, ya kifaa cha kufuatilia pikipiki, na ya kuchelewa kulipa. Aulize pia kama mkopo unamlazimu kuchukua bima kubwa, ambayo ni ghali kuliko ile ya lazima kisheria.

Tatu, aangalie kitatokea nini akikosa awamu. Anayenunua kwa awamu anaweza kunyang'anywa pikipiki. Hata hivyo, chini ya sheria hiyohiyo, akishalipa thuluthi mbili ya bei ya mkataba, muuzaji hawezi kuichukua bila kwenda mahakamani. Kwa hivyo risiti za kila awamu zihifadhiwe, pamoja na ujumbe wa malipo ya simu.