Tarakimu Sita Mahali pa Kadi

Mwanamke amesimama mbele ya ATM mjini Mombasa, simu mkononi. Kadi hana, na hata akaunti katika benki yenye mashine ile hana. Anataka shilingi 3,000 zilizomo kwenye M-Pesa yake. Anafungua menyu, anachagua kutoa pesa, kisha ATM, anaandika namba ya wakala inayoonyeshwa pale kwenye mashine na kumalizia na namba yake ya siri. Punde ujumbe unaingia: tarakimu sita. Anageukia mashine, anachagua M-Pesa, anaandika namba yake ya simu, zile tarakimu na kiasi anachotaka. Noti zinatoka.

Wakenya wamekuwa wakitoa pesa namna hii tangu 2008, mwaka mmoja tu baada ya M-Pesa kuanza. Hata hivyo wengi hudhani kwamba simu na mashine zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Hazizungumzi. Mama yule alipoweka namba yake ya siri, ombi lilikwenda kwenye kompyuta za kampuni ya simu, zikamtambua, zikatunga tarakimu zile na kuziandika kando ya namba yake ya simu pamoja na muda wa kuisha. Mashine ilipopokea tarakimu, iliuliza huko huko: je, namba hii ya simu ina msimbo huu, na salio linatosha? Ikajibiwa ndiyo, ikahesabu noti. Msimbo ukafa hapo hapo, hautumiki mara ya pili.

Kwa hiyo mwizi aliyechungulia begani mwake hakuambulia kitu. Namba ya siri haikuguswa kwenye mashine, na kile kifaa ambacho wezi hubandika kwenye mdomo wa ATM ili kunakili kadi hakikuwa na kadi ya kunakili. Kubahatisha nako ni kazi bure: tarakimu sita zina michanganyiko milioni moja, na muda wake ni mfupi.

Msimbo wa QR hugeuza njia. Safari hii mashine ndiyo inayoonyesha, na simu ndiyo inayosoma. Nchini India, ambako Benki Kuu ilitangaza mwaka 2022 kwamba huduma hii ingefunguliwa kwa benki zote kupitia mfumo wa malipo wa UPI, mteja huchagua kiasi kwenye ATM, na kioo kikaonyesha mraba wa vidoto vyeusi. Ndani ya mraba huo mna utambulisho wa mashine na wa muamala ule mmoja. Mteja anaupiga kwa kamera kupitia programu ya malipo, anaona kiasi kwenye simu yake, anaweka namba ya siri humo humo. Benki ikiridhika, inaiamuru mashine itoe pesa. Hakuna tarakimu za kunakili wala za kukosea, lakini simu lazima iwe na kamera na intaneti. Simu ya kitochi, inayotosha kabisa kwa njia ya Mombasa, hapa haina kazi.

Mraba halali huzaliwa kwenye kioo wakati ule na kutoweka baada ya muda mfupi. Uliochapwa kwenye karatasi na kubandikwa ubavuni mwa mashine si wa kupigwa picha. Na ule ambao mtu amekutumia kwa ujumbe huenda umetoka kwenye ATM ambayo yeye ndiye amesimama mbele yake: ukiweka namba yako ya siri, pesa zinamwangukia yeye.

Udhaifu mkubwa, basi, umehamia kwenye simu. Mwaka 2018, wateja wa benki moja ya Ohio, Marekani, walipata ujumbe kwamba akaunti zao zimefungwa, wakafuata kiungo na kujaza siri zao kwenye tovuti bandia. Wezi wakaziunganisha akaunti hizo na simu zao wenyewe, wakazunguka kwenye ATM 17 na kuchota takriban dola 68,000 bila kadi hata moja. Mashine hazikuvunjwa, zilitii tu. Ndiyo maana anayepiga simu akijiita mhudumu na kuomba tarakimu zilizoingia sasa hivi anaomba noti zenyewe.

Kuna pia siku ambayo salio linapungua na mashine haitoi kitu. Mara nyingi mtandao umekatika kati ya idhini na kuhesabu noti. Mashine ikiweza, hutuma taarifa ya kubatilisha na pesa hurudi zenyewe. Isipoweza, ukweli utapatikana kwenye kumbukumbu zake na katika kuhesabu noti zilizobaki ndani ya kaseti, ambazo zitazidi hesabu kwa kiasi kile kile. Mteja anayelalamika na afike na ujumbe wa muamala ambao hakuufuta, saa kamili, na namba ya ile ATM.