Kwa nini chumvi huvutia mtoza kodi

Tuseme duka linauza pakiti 1,000 za chumvi na chupa 1,000 za soda kwa mwezi. Serikali inaongeza kodi ya shilingi 100 kwa kila moja, na bei inapanda kwa kiasi hichohicho. Chumvi inashuka hadi pakiti 980, maana mboga haipikwi bila chumvi. Soda inaporomoka hadi chupa 600. Watu wamehamia kwenye maji na juisi. Chumvi inaingiza shilingi 98,000, soda 60,000. Zile chupa 400 zisizonunuliwa ndiyo hasara yenyewe: mnywaji kakosa alichokitamani, na hazina haikuambulia hata senti.

Mwaka 1927 Frank Ramsey, mwanahisabati kijana wa Cambridge, alionyesha kwa hesabu kwamba kodi hupoteza kidogo zaidi ikielemea bidhaa ambazo wanunuzi hawaziachi hata bei ikipanda.

Ila hesabu yake iliweka kando tofauti ya tajiri na maskini. Na chumvi tajiri hali zaidi ya maskini. Kwa hiyo kodi hiyohiyo inayopoteza kidogo humega sehemu kubwa zaidi ya kipato cha kibarua, na ndiyo maana nchi nyingi hupunguza au kufuta kodi ya vyakula vya msingi.