Mashine Iliyokwama na Hila ya Davidon

Miaka ya 1950, mwanafizikia William Davidon alikuwa na hesabu ndefu isiyofika mwisho. Kazi yake ilikuwa katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, na alichotafuta ni mahali ambapo fomula yenye vigeu vingi inatoa jibu dogo kuliko yote. Alikuwa akirekebisha kigeu kimoja, kisha kingine, pole pole. Kompyuta za wakati ule hazikuwa za kutegemewa, na yake ilikwama kila mara kabla kazi haijaisha. Kwa kuchoshwa na hali hiyo, akaamua kutafuta njia itakayomaliza upesi.

Kilichomchelewesha kinaonekana hata kwenye fomula ya vigeu viwili, kama x² + 25y². Ukiichora utapata umbo la mtumbwi: kwa urefu, upande wa x, unainuka taratibu, kwa upana, upande wa y, kuta zake ni kali. Mtu amesimama penye x = 10 na y = 1, anataka kufika sakafuni penye sifuri na sifuri. Hapo alipo, mteremko ni 20 upande wa x na 50 upande wa y.

Njia ya kawaida ni kuzidisha mteremko kwa namba ndogo na kushuka kwa kiasi hicho. Akitumia 0.05, y inatoka 1 hadi −1.5, halafu 2.25: anarukia ukuta huu na ule, kila mara juu zaidi. Akipunguza hadi 0.03, y inatulia, lakini x inakwenda 10, 9.4, 8.836, na zinahitajika hatua 112 ili ishuke chini ya 0.01. Ukuta mkali ndio unaoamua mwendo wa safari nzima.

Newton angeuliza swali la pili: mteremko wenyewe unabadilika kwa kasi gani? Huo ndio mkunjo. Hapa ni 2 kwa x na 50 kwa y. Gawa mteremko kwa mkunjo: 20 kwa 2 ni 10, 50 kwa 50 ni 1. Hatua moja tu, amefika.

Tatizo ni bei. Mkunjo huandikwa katika jedwali liitwalo Hesia, kwa jina la Mjerumani Otto Hesse, na jedwali hilo hudai namba kwa kila jozi ya vigeu, kwa sababu kusogeza kimoja huweza kubadili mteremko wa kingine. Vigeu 1,000 vinataka namba milioni moja. Vigeu milioni moja vinataka namba trilioni moja, yaani terabaiti 8 iwapo kila namba inachukua baiti 8. Nusu ya jedwali hufanana na nusu nyingine, kwa hiyo unaweza kuokoa karibu nusu ya nafasi; bado ni mzigo. Kisha kuna kule “kugawa”, ambako kwa jedwali ni kutatua milinganyo yote kwa pamoja: vigeu vikiongezeka maradufu, kazi huwa mara nane. Na fomula isipokuwa nyepesi kama ya mtumbwi wetu, mkunjo hubadilika kila unaposogea, hivyo jedwali hujengwa upya.

Hila ya Davidon, aliyoiandika katika ripoti ya mwaka 1959, ni kutoupima mkunjo kabisa, bali kuukisia kutokana na hatua ambazo zimekwisha kupigwa. Rudi kwenye mtumbwi. Hatua ya kwanza ya 0.03 ilisogeza x kwa −0.6 na y kwa −1.5. Mteremko nao ukabadilika kutoka 20 na 50 hadi 18.8 na −25, yaani tofauti ya −1.2 na −75. Gawa tofauti ya mteremko kwa umbali: 2 na 50. Mkunjo umepatikana bila gharama ya ziada!

Mtumbwi huo, kwa kweli, umependelewa, maana x na y hazigusani. Kwa kawaida hatua moja hufichua mkunjo wa upande ulioelekea tu. Kwa hiyo njia hizi huanza na jedwali la kubahatisha, na baada ya kila hatua hulirekebisha kidogo, kiasi cha kukubaliana na kilichoonekana punde, bila kufuta yaliyojulikana awali. Nyingi huhifadhi moja kwa moja kinyume cha Hesia, na hivyo kazi nzito ya kutatua milinganyo huepukwa.

Roger Fletcher na Michael Powell waliinyoosha njia hiyo mwaka 1963. Mwaka 1970 Broyden, Fletcher, Goldfarb na Shanno, kila mmoja kivyake, walifikia marekebisho yanayoitwa BFGS. Ripoti ya Davidon yenyewe ilikataliwa na jarida, na ikachapishwa jaridani mwaka 1991.

BFGS bado hubeba jedwali zima. Toleo liitwalo L-BFGS hulitupa na kukumbuka hatua chache za mwisho tu, tuseme 10, pamoja na mabadiliko ya mteremko wake. Kwa vigeu milioni moja hiyo ni megabaiti 160 badala ya terabaiti.

Lakini kisio hili hutegemea mteremko sahihi. Mteremko ukiwa na kelele, kwa mfano unapokadiriwa kwa sampuli ndogo ya data inayobadilika kila hatua, tofauti ya miteremko miwili huweza kuwa kelele tupu, na jedwali likajifunza uongo. Watumiaji wa maktaba ya SciPy huijua ishara moja ya mambo kwenda kombo: BFGS husimama njiani na kuandika `Desired error not necessarily achieved due to precision loss.` Mara nyingi, cha kwanza kukaguliwa ni fomula ya mteremko aliyoiandika mtumiaji mwenyewe.